Kesi ya kompyuta ya mezani: pima kadi na kipoza kwanza, ATX au mini baadaye

Watu wengi wakitaka kesi wanaanza na swali moja tu, ATX au maikro au mini, wanachagua ile yenye kioo kizuri na taa, alafu kadi ya grafiki ikifika ndo wanagundua imezidi kwa sentimita moja na hamna namna. Ukweli ni kwamba saizi ya mazabodi ni jambo jepesi kwenye hii shughuli. Kinachoamua kesi ni urefu wa kadi, urefu wa kipoza cha prosesa, na powa saplai, na zaidi ya yote ni pale hivi vitu vinapoanza kugombania nafasi ileile. Sasa tutaanza na mazabodi haraka haraka, alafu tushuke kwenye vipimo vyenyewe, alafu tuchukue mashine moja tuipitishe kwenye kesi tatu tuone inakaa wapi.

Hatua ya 1: jua mazabodi inakupa nini na inakunyima nini

Vipimo viko hivi. ATX ni milimita 305 kwa 244, Intel waliitoa 1995 na mpaka leo ndo baba lao. Maikro, ambayo kwenye tovuti utaiona imeandikwa Micro-ATX au mATX, ni 244 kwa 244, yaani ni ATX iliyokatwa chini. Mini-ITX ni 170 kwa 170, hii ilitoka kwa VIA mwaka 2001 na ni ndogo kweli, iko karibu na upana wa kiganja kilichokunjuliwa.

Tofauti yake kubwa sio kasi. Prosesa ileile na kadi ileile kwenye mazabodi ya mini inaweza kukimbia sawasawa na kwenye ATX, ilimradi umeme wa mazabodi unatosha prosesa na joto linatoka. Tofauti iko kwenye nafasi za kuchomeka kadi: kesi ya ATX ina nafasi 7 kule nyuma, maikro ina 4, na mazabodi ya mini ina sloti moja tu. Ramu pia, mini zina sloti 2, ATX kwa kawaida 4, maikro unakuta mbili au nne kutegemea na bajeti ya aliyeitengeneza. Na kwenye mini mara nyingi sloti moja ya SSD ya M.2 imefichwa mgongoni mwa mazabodi, kwahiyo ukitaka kuibadilisha siku moja inabidi ufungue karibu kila kitu, labda kesi yako iwe na dirisha kwenye bati la nyuma.

Sasa hapa kuna hesabu ambayo watu wanairuka. Nafasi moja ya kadi ni kama milimita 20. Kadi nyingi kubwa za siku hizi zina unene wa milimita 55 mpaka 60, maana yake zinakula nafasi tatu. Kwenye maikro yenye nafasi 4, ukishachomeka kadi ya namna hiyo unabaki na nafasi moja au hata hamna kabisa, inategemea sloti kuu imewekwa ya kwanza juu au ya pili. Na hiyo moja inayobaki iko chini kabisa mbele ya feni za kadi, ukichomeka kitu pale unaziba hewa. Kwahiyo kama unajua utahitaji kadi ya pili, mfano ya kurekodi video au ya mtandao wa kasi, tazama picha ya mazabodi uone sloti ziko wapi, usihesabu tu idadi. Kama huna mpango wa kadi ya pili, na wengi hatuna, ATX inakupa sloti utakazozitazama tu zikikusanya vumbi.

Kesi kubwa inapokea mazabodi ndogo, hilo halina shida kwasababu matundu ya skrubu yamepangwa kwa kufuatana, manne ya mini yamo ndani ya yale ya maikro na ya ATX. Kinyume chake hakiwezekani. Angalizo moja tu: ukiweka mazabodi ndogo kwenye kesi kubwa, vile viguu vya shaba vinavyobeba mazabodi lazma viwe pale tu penye tundu. Kiguu kilichobaki pasipo na tundu kinagusa mgongo wa mazabodi na kuleta shoti, mashine haiwaki au inawaka na kuzima papo hapo. Ving'oe vyote visivyohusika kabla hujaweka mazabodi.

Kitu kingine kipya, kuna mazabodi ambazo soketi za nyaya zimehamishiwa mgongoni ili mbele paonekane pasafi. Zile zinataka kesi iliyotobolewa maalum. Ukiiona bei nzuri ya mazabodi ya namna hiyo usikimbilie kama kesi yako ni ya kawaida, haitakaa.

Hatua ya 2: andika namba zako kabla hujatazama kesi yoyote

Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu. Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kila kifaa, sio ukurasa wa muuzaji, maana wauzaji wanakopi vibaya, alafu andika:

- Kadi ya grafiki: urefu, upana kutoka sloti kuelekea kioo cha pembeni cha kesi, na unene.
- Kipoza cha prosesa: urefu wa kusimama. Kama ni cha maji, saizi ya rejeta, yaani lile bati linalopoza maji, na unene wake.
- Ramu: urefu kutoka chini mpaka juu ya bati lake.
- Powa saplai: aina yake na urefu.

Ili ujue uko kwenye dunia gani, na kuanzia hapa vipimo vyote ni milimita: kadi za feni mbili ziko kati ya 200 na 250, za feni tatu zinaanzia kama 280 na zinafika 340 au hata kuzidi. Vipoza vya mnara vyenye feni ya 120 viko 150 mpaka 160, vikubwa vya minara miwili vinafika 165 au 168. Ramu ya kawaida isiyo na mapambo ni kama 32, zile zenye taa na mabati marefu zinafika 44 na kuendelea. Powa saplai ya ATX ni pana 150 na nene 86, urefu ndo unabadilika, 140 mpaka 180 au zaidi kwa zile zenye wati nyingi. Ile ndogo ya SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100, na kesi nyingi za mini zinakubali hiyo tu.

Kama mashine yako haina kadi ya grafiki kabisa, ya kazi za ofisi na kuangalia video, hapa unaweza kusimama. Kesi yoyote inayokubali mazabodi yako na kipoza chako inatosha, nenda kachague kwa macho.

Hatua ya 3: soma namba za kesi kwa jicho baya

Kwenye spesi za kesi utakuta imeandikwa mathalan kadi mpaka 350, kipoza mpaka 165, powa saplai mpaka 180. Hizo namba ni za kweli, ila kila moja imepimwa peke yake, kama vile kesi ikiwa tupu. Hazikwambii nini kinatokea vyote vikiwa ndani kwa pamoja, na matatizo karibu yote yanazaliwa hapo.

Kadi na mbele ya kesi. Feni ya kawaida ina unene wa 25. Kama feni za mbele zinafungwa ndani ya fremu, toa 25 kwenye namba ya kadi, labda mtengenezaji awe ameshasema ametoa. Kesi zingine feni zinakaa nje ya fremu, kati ya fremu na uso wa mbele, hapo hutoi kitu. Ukitaka kuweka rejeta ya kipoza cha maji mbele, rejeta nyingi ni 27, jumlisha na feni 25 unapata 52. Yaani kesi ya kadi 350 imekuwa kesi ya kadi 298 bila mtu kukuambia. Na usiache sifuri, kadi haiingii kwa kushuka moja kwa moja, inaingia kwa kuinamishwa kidogo ili bati la nyuma likae kwenye tundu lake, acha angalau 10 au 15 ya kupumulia.

Kipoza na ramu. Hii ndo inawakamata hata waliozoea. Kipoza cha mnara kina feni yake ya mbele, na mara nyingi ile feni inakaa juu ya sloti za ramu. Tuseme kipoza kinaruhusu ramu ya 33 chini ya feni, na wewe una ramu ya 44 yenye taa. Inabidi upandishe feni kwa 11 kwenye klipu zake. Kama feni ilikuwa imelingana na ncha ya kipoza, basi kipoza cha 158 kimekuwa 169 na kioo cha kesi ya 165 hakifungi. Suluhisho ni ramu fupi, au kuhamishia feni upande wa nyuma wa mnara ivute badala ya kusukuma, inapoa vizuri tu, tofauti ni ndogo, ila hakikisha haigongani na feni ya nyuma ya kesi.

Kadi na kioo. Kadi za soketi ile mpya ya pini 16 zina kebo nene ambayo haitakiwi kukunjwa karibu na plagi, kanuni inayotumika ni kuacha kama 35 zilizonyooka kabla ya kukunja. Chukua upana wa kadi ujumlishe 35, ulinganishe na namba ya kipoza ya kesi, maana zote mbili zinapimwa kuelekea kioo. Hesabu hii ni ya haraka haraka lakini inakwambia hatari iko wapi. Kadi ya 140 inakuwa 175, kesi ya kipoza 160 itaisukuma kebo na kioo, na plagi iliyoegeshwa vibaya ndo ile inayopata moto mpaka plastiki inayeyuka. Ukiona kioo kinabana kebo usikilazimishe kufunga.

Powa saplai na kikapu cha hadi diski. Tuseme powa saplai yako ni ya 160, hiyo ni boksi tu, nyaya zinazochomekwa mgongoni mwake zinataka kama 40 au 50 nyingine kabla hazijakunjwa. Kwahiyo 160 inakuwa 210. Kwenye kesi za maikro kikapu cha hadi diski kiko hapohapo mbele ya powa saplai, angalia kama kinatoka kwa skrubu au kimepigwa riveti. Kama kimepigwa riveti na wewe una powa saplai ndefu, ruka hiyo kesi.

Hatua ya 4: pitisha mashine yako kwenye kesi, moja moja

Tufanye mfano kamili. Mashine yetu ina mazabodi ya maikro, kadi ya 305 yenye unene wa 58 inayotumia plagi za zamani za pini 8, kipoza cha mnara cha 158 chenye kuruhusu ramu ya 33, ramu ya 44, na powa saplai ya ATX ya 160. Kesi tatu ziko mezani.

Kwanza ujazo, kwasababu namba ya lita inakusaidia kulinganisha vitu ambavyo picha inadanganya. Zidisha urefu, upana na kimo kwa milimita alafu ugawe kwa milioni moja:

```
lita = urefu × upana × kimo / 1000000
400 × 215 × 385 / 1000000 = 33.1
450 × 220 × 470 / 1000000 = 46.5
```

Kesi ya kwanza ni ya mini, lita 15, inakubali kadi ya 320, kipoza cha 70, powa saplai ya SFX tu. Kadi inaingia, na hapo ndo watu wanadanganyika, wanaona kadi imeingia wanadhani kazi imekwisha. Mazabodi haiingii, kipoza hakiingii hata nusu, powa saplai haiingii. Kuifuata hii kesi maana yake unanunua upya vitu vitatu, na mazabodi za mini na powa saplai za SFX kwa kawaida ziko juu kwa bei kuliko kubwa zake za uwezo uleule. Mimi sina ugomvi na mini, zinapendeza kweli, ila mini unaianza ukiwa huna kitu na unaipanga yote kwa pamoja, hauhamii ukiwa na vifaa mkononi.

Kesi ya pili ndo hiyo ya lita 33, ya maikro. Kadi 330, kipoza 165, powa saplai 180 kikapu kikiwepo. Kadi: 330 toa 305 unabaki na 25. Nikasoma menyuali yake, tuseme feni za mbele zinakaa ndani ya fremu na 330 imepimwa bila feni. Basi 25 yote imeliwa na feni na tumebaki na sifuri, kadi itagusa feni. Kuna njia mbili, kuna feni nyembamba za milimita 15, hapo tunapata 10, au tunafunga feni mbili za mbele zipande juu ili ya chini isiwe usawa wa kadi, kama fremu ina matundu ya kusogeza. Ya pili ni nafuu, ila tazama picha, kwenye kesi fupi kadi inakaa katikati kabisa na feni haina pa kukimbilia. Rejeta ya mbele tusahau, 330 toa 52 ni 278.

Kipoza: 158 ndani ya 165 ni sawa mpaka tukumbuke ramu. 158 na 11 ni 169, kioo hakifungi. Tunabadilisha ramu iwe ya 32 au tunahamisha feni nyuma. Powa saplai: 160 kwenye 180 kunabaki 20 za nyaya, hazitoshi, tunatoa kikapu. SSD zetu ni za M.2 kwahiyo hatukihitaji.

Kesi ya tatu, ATX ya lita 46.5: kadi 370, kipoza 170, powa saplai 200. Kadi na feni ya ndani bado kunabaki 40. Kipoza cha 169 kinapita kwa milimita moja, mi nisingelala usingizi kwa milimita moja lakini kinapita. Rejeta ya mbele: 370 toa 52 ni 318, kadi ya 305 inapita na 13 juu yake. Kila kitu kinaingia bila kubadilisha chochote, unalipa kwa nafasi ya mezani, lita 13 zaidi na kesi inayosogea mpaka milimita 470 kwa kimo, pima ile rafu yako chini ya meza kabla.

Kwa mashine hii ningechukua ya pili endapo ramu haijanunuliwa bado na feni nyembamba zinapatikana, vinginevyo ya tatu bila kujadiliana. Mazabodi ya maikro ndani ya kesi ya ATX inaacha pengo chini, watu wanalalamika haipendezi, lakini lile pengo ni hewa kwa feni za kadi na kadi inashukuru.

Hatua ya 5: hewa inaingia wapi na inatokea wapi

Kesi ikishapita kwenye vipimo, angalia uso wake wa mbele. Uso wa wavu unaopitisha mwanga ukiutazama ndo unaoutaka. Uso wa kioo au plastiki tupu wenye upenyo wa milimita chache pembeni unakaba feni hata ziwe sita, feni haziwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Kuna kesi zimewekwa feni tatu zenye taa nyuma ya kioo na nafasi ya kidole tu pembeni, hizo ni mapambo. Tofauti na hizo ni zile za vioo mbele na ubavuni, zenye feni za kuingiza chini na pembeni, zile zinafanya kazi kwasababu hewa ina mlango mwingine, na kadi inapata hewa ya baridi moja kwa moja kutoka chini.

Mpangilio wa kuanzia ni feni mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma, kwa mashine nyingi zenye kadi moja hapo unatosheka. Kama mbele panakubali 140 weka 140, inasogeza hewa ileile kwa mzunguko wa chini kuliko 120, kelele inapungua. Feni zaidi ya hizo tatu zinaongeza faida inayozidi kuwa ndogo. Juu unaweza kuweka ya kutoa moja, lakini iweke upande wa nyuma juu ya prosesa. Ukiiweka upande wa mbele inanyakua hewa ya baridi iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje kabla haijafika kwenye kipoza.

Mwelekeo wa feni: upande wenye fremu ya miguu inayoshika mota, mara nyingi na kibandiko katikati, ndo upande hewa inapotokea. Fikiria hivyo kila unapofunga, maana feni moja iliyogeuzwa inarudisha hewa moto ndani na hakuna taa itakayokuambia.

Zikiingiza zaidi ya zinavyotoa, hewa inajitafutia njia ya kutoka kupitia matundu na mipasuko, na vumbi linaingia tu pale penye chujio. Zikitoa zaidi, hewa inaingia kupitia kila mwanya usio na chujio, nyuma ya sloti, pembeni mwa bati, na baada ya muda unakuta vumbi limejipanga mahali ambapo huna feni. Kujua uko upande gani, chukua kipande cha tishu nyembamba ukisogeze kwenye matundu ya nyuma karibu na sloti za kadi mashine ikiwa inakimbia. Tishu ikisukumwa nje uko vizuri, ikivutwa ndani punguza feni ya kutoa au ongeza ya mbele. Na mbele pasipo na chujio la kutoka na kuoshwa, jua utafungua kesi mara nyingi.

Chini ya kadi usiibane. Kama kati ya feni za kadi na paa la powa saplai kuna chini ya milimita 20, kadi itajikaba na kupiga kelele, haswa zile za nafasi tatu kwenye kesi ya maikro. Vilevile kadi iliyosimamishwa wima ikitazama kioo, pale kuna picha nzuri ya kupiga lakini kama kioo kiko karibu inavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kupata moto. Na hiyo wima, kama zile mini ambazo kadi inakaa nyuma ya mazabodi, inatumia kebo ya riza, ile inayounganisha kadi na sloti yake kwa mbali. Kebo ya PCIe 3.0 na kadi ya PCIe 4.0 mara nyingine inaleta skrini nyeusi au mashine kujizima kwenye gemu. Kabla hujailaumu kadi ingia BIOS, kwenye sloti ya kadi badilisha `Auto` iwe `Gen3`, ikitulia umeshajua ni kebo.

Hatua ya 6: mashine ikishawaka, ipime bila uso wa mbele

Washa HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mzunguko wa feni, fungua gemu zito au kazi nzito uliyoizoea, iache dakika 30 mpaka namba ziache kupanda. Andika joto la kadi, joto la prosesa, na mzunguko wa feni za kadi. Alafu toa uso wa mbele wa kesi, acha kioo cha pembeni kama kilivyo, rudia dakika 30 nyingine chumba kikiwa na joto lilelile, usifanye moja asubuhi na nyingine mchana wa jua.

Zikishuka nyuzi 2 au 3, kesi yako inapumua, usihangaike. Zikishuka 8 au 10, uso wa mbele ndo unaokaba, na kununua feni zingine hakutasaidia sana, safisha chujio kwanza na kama bado, hiyo kesi ndo ilivyo. Angalia na mzunguko wa feni za kadi pamoja na joto, kwasababu kadi nyingi zinajaribu kukaa kwenye joto fulani kwa kuongeza feni, kwahiyo unaweza kuona joto halijabadilika kabisa lakini feni zimeshuka kutoka 2200 mpaka 1700. Hiyo ni tofauti kubwa, joto tu lisingekuonyesha.

Sasa rudisha uso wa mbele utoe kioo cha pembeni. Kadi ikipoa sana kwa kutoa kioo wakati uso wa mbele haukubadilisha kitu, tatizo ni chini ya kadi au nyaya zilizorundikana mbele yake. Na kwa prosesa usishtuke na namba peke yake, Ryzen 7000 nyingi kwa mfano zimetengenezwa ziruhusiwe kufika nyuzi 95 zikiwa na kazi nzito kwenye koa zote, kwahiyo linganisha joto lake na lake mwenyewe kabla na baada, na uangalie kama kasi ya megahezi inaanguka kazi ikiwa bado ileile. Ikianguka na kipoza ni cha 70 ndani ya kesi ya mini, ingia BIOS upunguze wati za prosesa, kwenye Ryzen nyingi kuna `Eco Mode`, unapoteza kasi kidogo na joto linashuka sana, na kwenye kesi ndogo hiyo inasaidia kuliko feni yoyote utakayoongeza.